Nyumba ni ya Kampuni, Hisa ni Zako

Malindi kuna nyumba zilizouzwa mara tatu, mara nne, na hakuna karani wa ardhi aliyebadilisha hata herufi moja. Ukifanya upekuzi leo, rejista itakuonyesha mmiliki yule yule aliyeandikishwa miaka hiyo: kampuni yenye jina la Kitaliano ambalo wengi wetu hatulitamki sawasawa. Waliobadilika ni watu walio nyuma ya jina hilo. Mmoja aliuza hisa zake akarudi kwao, wa pili alifariki, wa tatu akaingia na pesa zake, na kiwanja wala hakikujua.

Hakuna uvunjaji wa sheria hapo. Tangu kesi ya Salomon iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1897, na sheria yetu imefuata njia hiyo hiyo, kampuni ni mtu anayejitegemea. Ina jina lake, madeni yake na mali yake. Ikinunua nyumba, nyumba ni yake yeye. Wenye hisa wana haki juu ya kampuni: kupiga kura, kugawiwa faida ikitangazwa, na kupata kinachobaki siku ikifungwa baada ya wadai wote kulipwa. Juu ya nyumba yenyewe hawana kitu. Mwenye fungu katika jahazi hupewa sehemu yake ya samaki, lakini haji na msumeno akakata ubao wake.

Wengi wetu tunalijua hili kwa juu juu, kisha tunalisahau pale tu tunapoambiwa bei. Nitachukua mfano mmoja wa kubuni na nitakwenda nao mpaka mwisho, kwa kuwa hesabu zake ni nyepesi.

Kampuni binafsi ina nyumba ya kupangisha wageni upande wa Casuarina, paa la makuti, bwawa la kuogelea, thamani yake sokoni shilingi milioni 30. Kampuni imegawanywa hisa 1,000. Mwalimu mstaafu amepokea kiinua mgongo chake, na mtu anayemwamini anamwambia: lipa milioni 6, upewe hisa 200, uwe na fungu moja katika mafungu matano. Milioni 30 ukigawa kwa tano ni milioni 6. Mwalimu, ambaye alisomesha hesabu, anaona imekaa sawa.

Haijakaa sawa, na kuona ni kwa nini inabidi aweke karatasi mbili mezani.

Ya kwanza ni cheti cha upekuzi wa ardhi. Kina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inaeleza kiwanja: namba, ukubwa, na kama ni frihodi au ni lisi ya miaka kadhaa. Ya pili inamtaja mwenye mali. Ya tatu inaorodhesha mizigo: rehani ya benki, zuio la mahakama, tahadhari iliyowekwa na mtu anayedai. Karatasi ya pili ni CR12, inayotolewa na Msajili wa Kampuni kupitia eCitizen. Hiyo inaonyesha kampuni iliandikishwa lini, wakurugenzi ni nani, wenye hisa ni nani na kila mmoja ana ngapi.

Baada ya kulipa milioni 6 na kazi kufanywa vizuri, jina la mwalimu litaingia kwenye karatasi ya pili. Kwenye ya kwanza halitaingia kamwe. Na ile ya kwanza ndiyo ambayo Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaitambua: aliyeandikwa humo ndiye mwenye mali, na cheti chake kinashikiliwa na mahakama kuwa ushahidi wa umiliki mpaka ithibitike kulikuwa na ulaghai, au kilipatikana kinyume cha sheria na taratibu.

Sasa turudi kwenye bei. Upekuzi unaonyesha rehani ya benki, na salio la mkopo ni milioni 6. Hilo linaonekana, na muuzaji mwaminifu atalitaja mwenyewe. Lisiloonekana kwenye karatasi yoyote kati ya hizo mbili ni deni la kampuni kwa mwanzilishi wake. Watu wengi wanaofungua kampuni za nyumba huku pwani hawaingizi pesa zao zote kama mtaji wa hisa. Wanaandika mtaji wa shilingi laki moja, na pesa halisi za ujenzi wanaziingiza kama mkopo wa mkurugenzi kwa kampuni. Ni halali, na kwao ni busara, maana mkopo hulipwa kabla ya mwenye hisa kuona senti. Katika mfano wetu mkopo huo umebaki milioni 4, na mahali pekee unapoandikwa ni kwenye hesabu za kampuni.

Milioni 30 toa 6, toa 4, zinabaki 20. Fungu moja katika matano ni milioni 4, si 6. Na hapo bado hatujauliza kodi za kaunti zimelipwa mpaka lini, wala KRA wanadai nini kwa miaka ambayo nyumba ilipangishwa kwa wageni waliolipa huko huko kwao. Mwalimu asiyedai hesabu za miaka mitatu minne ya nyuma, zilizokaguliwa, ananunua kitu ambacho hajakiona. Mimi nimewahi kusikia muuzaji akisema hesabu ni siri ya kampuni. Kwa mtu anayetaka kukuuzia sehemu ya kampuni hiyo hiyo, jibu hilo linatosha kukurudisha nyumbani na hundi yako mfukoni.

Jambo la pili ni nguvu. Asilimia 20 inasikika kama kitu, lakini katika kampuni namba zenye maana ni mbili. Anayezidi nusu ya kura ndiye anayeweka na kuondoa wakurugenzi. Anayefikisha robo tatu ndiye anayepitisha maamuzi mazito, kama kubadilisha katiba ya kampuni. Kwa hiyo mwenye zaidi ya robo angalau anaweza kuzuia hayo mazito. Mwenye hisa 200 kati ya 1,000 hawezi kuzuia wala kupitisha. Na kuuza nyumba, jambo ambalo mwalimu angelidhania kuwa zito kuliko yote, kwa kawaida si uamuzi wa wenye hisa hata kidogo. Ni shughuli ya wakurugenzi. Kama katiba ya kampuni haisemi vinginevyo, bodi inaweza kuiuza au kuiongezea rehani, na mwalimu akaja kusikia kwa mlinzi wa getini.

Angekuwa ameandikwa kwenye hatimiliki, hati ya mauzo isingesajiliwa bila saini yake. Hata angekuwa na mkataba tu wa kununua kiwanja, angeweza kuweka tahadhari kwenye rejista ya ardhi ili pasifanyike kitu bila yeye kuarifiwa. Lakini tahadhari ni ya mtu anayedai haki katika ardhi, na mwenye hisa, kama tulivyoona, anadai haki katika kampuni. Akienda kwa msajili wa ardhi na cheti chake cha hisa atarudishwa. Sheria ya Kampuni ya 2015 haikumwacha mikono mitupu: anaweza kwenda mahakamani kulalamika kwamba kampuni inaendeshwa kwa namna inayomdhulumu, au kuomba ruhusa ya kushitaki kwa niaba ya kampuni. Ila hizo ni kesi. Kwenye ardhi, ulinzi wake ungekuwa saini tu.

Nije kwenye makuti, kwa sababu hapa ndipo nadharia inapogeuka moshi. Kesi ya Macaura ya mwaka 1925 iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza haizungumzwi sana nje ya madarasa ya sheria, na ingefaa ijulikane kila penye paa la makuti. Macaura alikuwa na shamba la miti huko Ireland. Akaiuzia kampuni mbao zote, na hisa za kampuni hiyo karibu zote zilikuwa zake. Bima ya moto akaikata kwa jina lake mwenyewe. Mbao zikaungua. Bima zikakataa kulipa, na mahakama ikakubaliana nazo: mbao si zako, ni za kampuni, na wewe huna maslahi ya kukatiwa bima katika mali isiyo yako, hata kama kampuni nzima ni yako.

Sasa fikiria mwalimu wetu, mtu mwangalifu, anaona wenzake wazembe na anakata bima ya nyumba kwa jina lake ili angalau sehemu yake iwe salama. Analipa kila mwaka. Siku cheche ikiruka kutoka jikoni kwa jirani wakati wa kaskazi, atajikuta amesimama pale pale aliposimama Macaura. Bima ya nyumba ya kampuni ikatwe na kampuni, kwa jina la kampuni kama lilivyoandikwa kwenye hatimiliki. Ukiwa na hisa, cha kufanya ni kudai kuiona sera hiyo na risiti ya mwaka huu.

Kisha kuna kifo. Mwalimu anafariki na kuacha mjane, wana wawili na mabinti watatu. Kwa mirathi ya Kiislamu, ikiwa hakuna mrithi mwingine, mjane anapata thumuni na kinachobaki kinagawanywa kwa watoto, mwana mafungu mawili na binti moja. Kwenye hisa 200 mjane anapata 25. Zinabaki 175 kwa mafungu saba, yaani 25 kila fungu: wana 50 kila mmoja, mabinti 25 kila mmoja. Kadhi atagawanya vizuri kabisa, na hesabu itatoka bila sehemu za desimali.

Lakini kilichogawanywa ni hisa. Nyumba haimo katika mali ya marehemu, na warithi hawawezi kuingia, kupangisha chumba wala kudai ikatwe vipande. Tena, ili iitwe kampuni binafsi, sheria inaitaka katiba ya kampuni iweke mipaka katika kuhamisha hisa, na katiba nyingi zinaweka mpaka huo mikononi mwa wakurugenzi: wanaweza kukataa kumwandikisha mtu. Warithi wana haki ya thamani ya hisa, lakini kati ya hukumu ya kadhi na majina yao kuingia rejista ya kampuni kuna bodi ambayo huenda haina haraka. Na ikiwaandikisha, mwenye asilimia 20 mmoja aliyekuwa dhaifu amegeuka kuwa watu sita, mkubwa wao ana asilimia 5.

Mjane ana hasara nyingine ya pembeni. Mume akiwa na nyumba ya ndoa kwa jina lake na akataka kuiweka rehani, sheria inataka idhini ya mke. Nyumba ikiwa ni ya kampuni, mke huyo hana pa kushika kirahisi, kwani mali ya kampuni haihesabiwi hivi hivi kuwa mali ya ndoa. Wapo waume wanaolijua hili vizuri mno.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani nina ugomvi na kampuni. Sina. Nina ugomvi na watu wanaouza hisa kwa bei ya ardhi. Na inafaa kuelewa kwa nini wauzaji wanazipenda hisa, hasa pale wanapotaka kuuza kampuni yote, hisa 1,000 kwa mpigo mmoja.

Sababu kubwa ni ushuru wa stempu. Kuhamisha kiwanja kilichomo ndani ya manispaa kunalipiwa asilimia 4 ya thamani, na nje ya miji asilimia 2. Kuhamisha hisa za kampuni isiyo sokoni ni asilimia 1. Kwa milioni 30 mjini Malindi, mnunuzi wa kiwanja atalipa 1,200,000 na mnunuzi wa hisa 300,000. Laki tisa si pesa ya kudharau, na wakala ataitaja kabla hata hujakaa. Hatataja kwamba anayenunua kiwanja anapata kiwanja pamoja na mizigo ya ardhi hiyo tu, wakati anayenunua kampuni ananunua kila kitu ambacho kampuni imewahi kufanya: kodi isiyolipwa, mpishi aliyefukuzwa bila malipo yake, mkataba uliosainiwa na mtu ambaye sasa yuko Bergamo na simu haishiki. Laki tisa uliyookoa ndiyo bei uliyolipwa kubeba hayo yote.

Na wakati wa kuuza, kodi inarudi upande wa pili. Tuseme kampuni ilinunua kwa milioni 10 na sasa inauza nyumba yenyewe kwa milioni 30. Faida ni milioni 20, na kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni milioni 3. Mtu binafsi angelipa hivyo hivyo, isipokuwa kama ameishi humo mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza. Makazi ya mtu binafsi ya namna hiyo yamesamehewa, na kampuni haina makazi. Kisha pesa ziko benki kwa jina la kampuni. Ili zimfikie mwalimu zitangazwe gawio, na gawio kwa mkaazi wa Kenya linakatwa asilimia 5. Na tangazo hilo linatoka kwa wale wale wenye kura.

Kuna kampuni ambazo shida yake ni ndogo tu na ya aibu: hazipo. Nyingi za miaka ya themanini na tisini ziliandikishwa kwa karatasi, chini ya sheria ya zamani, na ili upate CR12 leo inabidi kwanza ziunganishwe na mfumo wa eCitizen, kazi inayohitaji vitambulisho vya wakurugenzi. Mkurugenzi mmoja amefariki, mwingine hajulikani alipo. Nyingine hazijapeleka taarifa ya mwaka kwa msajili muda mrefu, na kampuni isiyopeleka taarifa inaweza kufutwa. Kampuni ikifutwa na ikavunjika, mali iliyokuwa nayo inakwenda kwa Serikali kama mali isiyo na mwenyewe. Inaweza kurudishwa kwenye rejista, ndiyo, lakini ni utaratibu wenye muda wake na gharama zake. Kwa hiyo CR12 anayoonyeshwa mwalimu isiwe nakala iliyokunjwa ya miaka minne nyuma. Aiombe mpya, na amruhusu wakili wake aichukue mwenyewe.

Ukitoka mjini kuelekea Mambrui, Gongoni au ndani kuelekea Kakuyuni, linaingia jambo ambalo hata baadhi ya mawakala hawalijui. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka idhini ya bodi ya ardhi kabla ya kuuza ardhi ya kilimo iliyo katika eneo la udhibiti. Hilo wengi wanalifahamu. Lakini kifungu cha 6 cha sheria hiyo hiyo kinaziingiza pia hisa: kutoa, kuuza, kuhamisha au kuweka rehani hisa ya kampuni binafsi au chama cha ushirika chenye ardhi ya namna hiyo. Maombi yanatakiwa yafike kwa bodi ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila idhini, sheria inasema makubaliano ni batili, na mnunuzi anabaki na haki ya kudai pesa zake kama deni. Mahakama katika miaka ya karibuni zimeanza kuwaonea huruma baadhi ya wanunuzi waliokwisha lipa na kuingia shambani, ila mwenye hisa hajaingia shambani. Ana cheti tu. Anayekwambia ununue hisa ili kukwepa bodi ya ardhi hajaisoma sheria, au ameisoma.

Bodi hiyo haitakiwi kutoa idhini ikiwa ardhi au hisa inakwenda kwa asiye raia. Na hapo tunafika kwenye jambo lililozijaza kampuni hizi Malindi, Watamu na hata Shela ya Lamu tangu mwanzo: ugeni. Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inasema asiye raia atamiliki ardhi kwa lisi tu, isiyozidi miaka 99. Na kampuni itahesabiwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Yote. Katika kampuni ya mwalimu, rafiki wa Milano mwenye hisa moja kati ya 1,000 anaitoa kampuni nzima katika uraia. Ikiwa kwenye hatimiliki pameandikwa frihodi, kilichopo hasa ni miaka 99. Ikiwa ni lisi ya miaka 99 iliyoanza 1980, inakwisha 2079, na thamani ya milioni 30 inatakiwa ihesabiwe kwa macho hayo.

Ndiyo maana vijana wetu, na wakati mwingine mabinti zetu, wanaombwa wawe wenye hisa wa jina. Mgeni anatoa pesa, hisa zinaandikwa kwa jina la Mkenya, na siku hiyo hiyo Mkenya anasaini fomu ya kuhamisha hisa isiyo na tarehe, ambayo mgeni anaitia sandukuni. Anayesaini anadhani ni fedha za bure. Katiba imelifikiria: mali iliyoshikwa kwa amana inahesabiwa ya raia ikiwa tu manufaa yote ni ya raia. Na tangu kanuni za 2020, kampuni inatakiwa kumwandikisha kwa msajili mtu anayenufaika hasa, akianzia asilimia 10. Kwa hiyo mwenye jina amesaini taarifa ya uongo kwa Serikali, na hana nyumba. Mgeni naye hana nyumba pia, ana fomu tu. Sioni ni nani kati yao aliyefanya biashara nzuri.

Basi mwalimu afanye nini na milioni zake? Ikiwa wao ni watu watano, raia, wanaofahamiana, na wanataka kiwanja kimoja tu, sioni sababu ya kampuni. Waandikishwe wote kwenye hatimiliki kama wamiliki kwa mafungu. Sheria ya Usajili wa Ardhi, kifungu cha 91, inaruhusu kila mmoja aandikwe na sehemu yake, na wasipotaja sehemu inachukuliwa ni sawa kwa sawa. Akifa mmoja, fungu lake linakwenda kwa warithi wake, haliwamezi wenzake. Akitaka kumuuzia mtu wa nje, anahitaji idhini ya maandishi ya wenziwe, nao hawaruhusiwi kumkatalia bila sababu ya maana. Wakishindana kabisa, yeyote anaweza kumwomba msajili kiwanja kigawanywe. Ubaya wake ni kwamba mmoja akiwa mkaidi, au yuko Jidda na hajibu, hakuna kinachouzwa wala kuwekwa rehani. Saini zote zinatakiwa. Ule ulinzi niliousifu juu ndio huo huo unaowafunga.

Fleti ni habari nyingine, nami nitaipita upesi. Kwa utaratibu wa zamani mnunuzi alipata lisi ndefu ya fleti yake pamoja na hisa moja katika kampuni ya kusimamia jengo. Hapo cha kushika ni lisi iliyosajiliwa, hisa ni ya kuingilia mkutanoni. Tangu Sheria ya Mali za Vitengo ya 2020, kila fleti inaweza kupata cheti chake yenyewe, na anayeuziwa jengo jipya leo kwa hisa tu aulize cheti hicho kiko wapi.

Kampuni inafaa pale ambapo kuna biashara ya kweli: nyumba inapangishwa, kuna wafanyakazi, kuna mikopo, wenye pesa wanatoka na kuingia na hamtaki kurudi ofisi ya ardhi kila mara. Hapo hisa ni chombo kizuri. Lakini iwe ni watu mnaojuana. Kampuni binafsi hairuhusiwi kuwaalika watu wote kununua hisa zake, na wenye hisa hawazidi 50. Tangazo la "hisa za vila" linalozunguka kwenye simu za mji mzima limeshaanza kwa kosa.

Mwalimu akiona bado anaitaka ile ya Casuarina, kuna mambo ambayo hapaswi kulipa kabla hayajaandikwa kwenye katiba yenyewe ya kampuni na kusajiliwa. Barua ya pembeni inawafunga waliosaini tu. Kwamba nyumba haitauzwa, haitawekwa rehani wala kuongezewa mkopo bila idhini ya wenye asilimia 85 ya hisa. Namba hiyo nimeichagua kwa sababu wengine wote wakijumlishwa ni 80. Kwamba kifungu hicho hakitabadilishwa kwa kura pungufu ya hizo. Kwamba hisa zake zikirithiwa, bodi itawaandikisha warithi au itazinunua kwa bei ya mthamini huru ndani ya muda uliotajwa. Na kwamba mkopo wa mkurugenzi wa milioni 4 ugeuzwe hisa kabla hajaingia, au uandikwe wazi utalipwaje.

Ukigeuzwa hisa, mwanzilishi atapata hisa mpya na zile 200 hazitakuwa tena asilimia 20, kwa hiyo hesabu ya bei irudiwe na ile asilimia 85 ipimwe upya. Wakiyakubali yote, mazungumzo yaanzie milioni 4, ambayo ndiyo thamani ya fungu lake baada ya madeni. Wakikataa kuhusu kura na warithi lakini wakashikilia bei, basi anauziwa hisa zisizo na sauti katika nyumba ya watu wengine, na hizo zina wanunuzi wachache sana siku atakapotaka kuziuza.